Saa ya Mfumo na Saa ya Mkononi



Wanaoomba zabuni kupitia NeST wameniuliza kama ombi la usiku wa mwisho huhesabiwa. Huhesabiwa, mradi limepokelewa kabla ya muda kufungwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hutazama wakati ujumbe ulipoingia katika mfumo aliouteua mpokeaji, wala si ulipobonyeza kitufe.

Tuseme mwisho ni 23:59, yaani saa 5 na dakika 59 usiku. Ukituma saa 5:57, mtandao ukasongamana, ombi likaingia saa 6:01, umechelewa, hata kama simu yako, iliyo nyuma dakika tatu, ingali yasoma 5:58. Ombi lililohifadhiwa tu halijatumwa.

Tangazo likisema 00:00 ya tarehe 20, ni usiku wa kuamkia tarehe hiyo; wengi hungoja usiku unaofuata, wakakuta pamefungwa.