Haki si Hisani
Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya haki za binadamu. Jambo hili ni pana, nasi hatukusudii kulizunguka lote. Twataka kulitazama kwa njia ya kitu kimoja ambacho wazee wa nchi hii walikifahamu vizuri kupita kitabu chochote, nacho ni kipande.

Sheria ya kuandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita, katika miaka ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutiwa alama za vidole na kupewa hati. Ndani yake yaliandikwa jina lake, kabila lake na wilaya yake, kisha jina la bwana aliyemwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Hati hiyo ilitiwa katika kikopo cha chuma, nacho kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi, na jina hilo latosha kueleza walivyojiona.

Sasa tumfikirie kibarua mmoja wa siku zile. Amefanya kazi shambani miezi sita, mshahara hautoshi, naye ataka kwenda kutafuta kazi penginepo. Hapana budi bwana wake atie sahihi katika kipande kwamba amemwachilia. Bwana akikataa, au akisema arudi juma lijalo, kibarua hawezi kuandikwa kazi mahali pengine, na akiondoka bila sahihi hutafutwa kama mtoro na kushtakiwa. Kwa hiyo hujifunza kubembeleza. Huvua kofia, husubiri mlangoni, hungoja siku ambayo bwana ameamka na moyo mwema. Pengine huipata sahihi, naye hushukuru sana.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kibarua yule ameshukuru kwa kupewa kilichokuwa chake tangu mwanzo, maana miguu ilikuwa yake na nguvu za mikono zilikuwa zake. Sheria ilikuwa imeutwaa uhuru wake wa kwenda atakako, ikautia mkononi mwa mtu mwingine, kisha ikamfanya aurudishiwe kidogo kidogo kama hisani. Wala wema wa bwana haubadilishi neno. Walikuwapo mabwana wapole waliotia sahihi upesi. Lakini kibarua wa bwana mpole na kibarua wa bwana mkali walikuwa katika hali moja, kwa kuwa wote wawili waliitegemea tabia ya mtu.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1921 Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu katika ofisi ya Hazina mjini Nairobi, alikiongoza chama kilichopinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati wa watu uliokusanyika kudai afunguliwe ulipigwa risasi. Serikali ilihesabu wafu 21. Wengine walisema ni zaidi sana. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, ambaye aliwahimiza wanaume waliokuwa wakitaka kurudi nyuma.

Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote. Hapo lilitokea jambo la kufundisha. Walowezi wengi wa Kizungu walipinga kutiwa alama za vidole, wakisema ni fedheha inayowapasa wahalifu. Walisema kweli juu ya fedheha, lakini wino ule ule ulikuwa umepakwa vidole vya Waafrika kwa zaidi ya miaka 25 bila wao kuona aibu yoyote. Walijua heshima ya binadamu ni nini. Walichokosa ni kuiona kwa kila mtu.

Basi heshima hiyo hutoka wapi? Wako wasemao mtu hustahili haki kwa kuwa hulipa kodi, au amesoma, au ni mtiifu. Ukikubali hivyo, basi mgonjwa asiyelipa kodi hana haki, na mtoto hana, na mwenye mamlaka ndiye atakayepima nani ametosha. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, lilishika njia nyingine: liliweka mbele heshima ambayo kila mtu huzaliwa nayo, haki zikaifuata. Kwa Kiswahili twasema utu. Kweli, twasema pia kwamba mkatili hana utu, lakini hapo twahukumu mwenendo wake. Utu ulio shina la haki haupotei kwa mwenendo. Hata mwizi aliyekamatwa anao, na ndiyo sababu haruhusiwi kuteswa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelisema jambo hili waziwazi katika kifungu cha 19: haki ni za kila mtu, wala hazitolewi na Serikali. Kazi ya Serikali ni kuzitambua na kuzilinda. Hatusemi kwamba haki haina mipaka. Kifungu cha 24 chakubali nyingine zipunguzwe, ila kwa sheria, kwa sababu ya haki inayoweza kuelezwa na kupimwa mahakamani. Hapo ndipo mtu awezapo kuvitambua vitu viwili hivi vikisimama mlangoni pake. Haki ikizuiwa, mzuiaji ndiye anayedaiwa sababu. Hisani ikizuiwa, mwombaji ndiye hujiuliza amekosea wapi.

Tusidhani jambo hili limekwisha pamoja na kikopo cha chuma. Leo karatasi imegeuka: kitambulisho kimekuwa kitu ambacho mtu hukitafuta, maana bila hicho hapigi kura wala hafungui akaunti benki. Kifungu cha 12 chasema kila raia anastahili kupewa hati za kumtambulisha. Hata hivyo vijana wa jamii nyingine wamepitishwa mbele ya kamati za kuwahoji, wakaulizwa hati za babu zao, wakaambiwa warudi. Mwezi wa Machi 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika juu ya Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya iliwavunjia haki watoto wa Kinubi katika jambo la uraia, ingawa wazee wao waliletwa nchini zamani na Serikali ya Kiingereza yenyewe kama askari.

Wanachama hutujia wakitaka chama kiwaandikie barua za kuombea vijana wao, na wengi hutaka ianze kwa maneno ya unyenyekevu mwingi. Adabu ni njema, nasi hatutaiacha. Lakini barua itakayofaa ni ile itakayotaja siku kijana alipopeleka maombi, namba ya stakabadhi aliyopewa, na mara ngapi amerudishwa. Kisha itaje kifungu cha 12, na itake, kwa kifungu cha 47, sababu za kukataliwa kwa maandishi. Kwa Sheria ya Utendaji wa Haki ya mwaka 2015, afisa aliyeombwa sababu asizitoe huhesabiwa kuwa hakuwa na sababu njema, mpaka athibitishe vingine. Na ikibidi kwenda Mahakama Kuu kwa ajili ya haki iliyovunjwa, kifungu cha 22 chakataza kutozwa ada ya kufungua shauri. Nakala ya barua yabaki kwa mwenyewe, na nyingine katika jalada la Katibu. Wenye stakabadhi za maombi yaliyokwama na wazilete kwake leo, baada ya mkutano.