Betri Mpya Inayolala Kila Asubuhi

Ndugu dereva wa bodaboda, usinunue betri nyingine kabla ya kupima chaji. Chukua multimita, weka DC, washa injini, gusisha ncha zake kwenye vichwa vya betri, kisha ongeza moto. Isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikipita 15, regyuleta inaiunguza betri.

Ikibaki 12, chomoa soketi ya regyuleta. Weka multimita kwenye AC, na kama koili yako ina nyaya tatu za njano, zipime mbili mbili. Jozi zote zilingane na volti zipande kwa moto. Tuseme mbili zinatoa 50, moja 20: koili imeungua. Zikilingana vizuri, na nyaya ziko salama, ishuku regyuleta.