Somo la Leo: Namba ya Nchi katika Fomu ya Simu

Leo tutazame fomu ya kujiandikisha katika simu, pale penye orodha ya namba za nchi. Tanzania ni +255, na Kenya ni +254. Mtengenezaji wa fomu hutanguliza nchi moja, ili mtu asihangaike kuitafuta. Lakini aichague kwa kufuata nini?

Tuseme mama mmoja wa Kenya amevuka mpaka pale Namanga, naye sasa yuko Tanzania. Fomu ikifuata mahali alipo, itaweka +255. Mama anaandika namba yake, inayoanza na 0712, wala hatazami kando. Kumbe 0712 hutumika Kenya na Tanzania pia! Fomu haioni kosa, na ujumbe wenye namba ya siri unakwenda kwa mtu mwingine.

Basi programu ifuate laini iliyomo ndani ya simu, maana laini haibadili nchi yake hata ikivuka mpaka. Kisha imwonyeshe mama namba nzima, +254 712 na kuendelea, imwulize: "Ndiyo yako?" Nanyi mkiulizwa hivyo, someni kwanza tarakimu tatu za nchi, ndipo mkubali.