Uliza Mahali, Siku na Saa Kabla ya Kuvuka na Mgonjwa

(Mazungumzo ya mhamasishaji wa afya na akina mama na wazee wa kambi. Yanaandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Wengi wenu mna jamaa waliobaki Goma. Mmoja wao akiugua, anakutumia ujumbe kwamba kesho atavuka Petite Barrière, umpokee upande wa Gisenyi, umpeleke kwa daktari. Nawe unatoka kambini alfajiri na nauli ya kukopa. Leo nitasema juu ya yale ya kuuliza kabla mgonjwa hajafunga mlango wa nyumba yake. Nayajua kwa sababu mimi mwenyewe sikuyauliza.

Ilikuwa mwaka wa 2022. Tarehe 17 Juni mwaka huo askari mmoja wa Kongo aliuawa pale pale Petite Barrière, na baada ya hapo mpaka ukawa unafungwa saa 9 mchana. Wiki chache baadaye mama mdogo, anayekaa Birere, alitaka kupimwa sukari. Jirani yake alimwambia kuna kliniki nzuri "karibu na bariera", na kwamba aende bila kula. Alitoka bila kula. Lakini kidonge chake cha kushusha sukari alikimeza kama kila siku, maana hakuna aliyemwambia neno juu ya kidonge.

Foleni ilikuwa ndefu, tukakutana saa 2 ikiwa imekwisha pita. Pale karibu na bariera tukakuta duka la simu. Kliniki ilikuwa imehama. Mwenye pikipiki wa kwanza alitupeleka kwenye kliniki nyingine yenye jina linalofanana. Wa pili ndiye aliyejua. Tulifika saa 4. Kibao kilisema wanafungua mpaka jioni, na mlango ulikuwa wazi, lakini yule wa maabara alitujibu kwamba damu ya watu wasiokula huchukuliwa mwisho saa 3.

Tukiwa bado tunabishana naye, mama mdogo akaanza kutoka jasho na kutetemeka mikono, akawa anajibu maneno yasiyoeleweka. Mimi nilidhani ni uchovu wa safari. Muuguzi mmoja alimtazama, akakoroga vijiko vya sukari katika maji, akamnywesha, kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza. Baada ya kama robo saa alirudiwa na fahamu vizuri, ndipo tukampa mkate. Sukari ilikuwa imeshuka mno: kidonge kinafanya kazi yake tumboni, chakula hakuna. Mtu wa namna hiyo akizimia, usimtie kitu chochote mdomoni, maana kitaingia njia ya hewa. Mpeleke mbio hospitali. Ukiwa upande wa Rwanda, namba ya gari la wagonjwa ni 912.

Basi swali la kwanza ni mahali. "Karibu na bariera" si mahali. Hata jina la kliniki peke yake halitoshi, kwa sababu majina yanafanana. Taka jina kamili lililoandikwa kwenye kibao, mtaa, na kitu kimoja kisichohama: kanisa, soko, shule. Uliza pia kama ni ibitaro, yaani hospitali, au ni ikigo nderabuzima, yaani kituo cha afya. Mwenye pikipiki anayajua sana maneno haya mawili, na ukimwambia tu "kwa daktari" atakupeleka anakojua yeye. Na umwulize mtu aliyekwenda huko mwezi huu, au upige simu kwao. Jamaa anayepiga kutoka Goma kwa laini ya Kongo aanze na 00250, kisha namba yenyewe bila ile sifuri ya mwanzo. Asipofanya hivyo simu haitaingia, naye atasema kliniki imekufa.

La pili ni siku, na hapa watu wetu wanapotea sana. Ukipiga simu Gisenyi unaweza kujibiwa kwa Kinyarwanda kwamba daktari yupo kuwa gatatu. Wewe unasikia "tatu", unafikiri Jumatatu. Sivyo. Wao wanahesabu Jumatatu kuwa siku ya kwanza, kwa hiyo kuwa gatatu ni Jumatano. Rudia siku hiyo kwa tarehe: "Yaani tarehe ngapi?" Tarehe haina lugha mbili. Halafu kumbuka Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Ni siku ya umuganda nchini Rwanda, na kuanzia saa 2 mpaka saa 5 asubuhi watu wako kwenye kazi ya pamoja na magari ya abiria huwa yamesimama. Mgonjwa mahututi hupitishwa, lakini aliyekuja kupimwa tu asipange siku hiyo.

La tatu ni saa. Kibao kikiandika 9:00 ni saa 3 asubuhi. Mwana wa shule akikusomea "tisa", utafika mchana. Saa ya Goma na ya Gisenyi ni moja, ila Kinshasa wako nyuma kwa saa nzima. Simu iliyowekwa majira ya Kinshasa itamchelewesha mgonjwa. Tena usiulize "mnafungua saa ngapi?" Mlango uliofunguliwa haumtibu mtu. Uliza hivi: "Kipimo hiki kinachukuliwa toka saa ngapi mpaka saa ngapi? Majibu yanatoka lini? Daktari wa kuyasoma yupo siku hiyo? Mgonjwa ale au asile, na dawa zake za asubuhi azimeze au aziache?" Swali hili la mwisho ndilo lingemwokoa mama mdogo. Usiliamue mwenyewe, wala jirani asikuamulie.

Na juu ya hayo yote kuna mpaka. Machi 2020 ulifungwa kwa sababu ya korona. Mwaka 2019 wakati wa Ebola ulifungwa hata kwa saa kadhaa tu, kisha ukafunguliwa. Kwa hiyo mwulize aliyevuka jana, na upange kwa kuhesabu kutoka mwisho. Sisi safari ya pili tulifanya hivyo. Mpaka ulikuwa unafungwa saa 9, tukasema awe kwenye foleni ya kurudi saa 8. Majibu yalikuwa yanatoka saa 7, hiyo ikafaa. Lakini damu ilikuwa mwisho saa 3, na kutoka bariera mpaka kliniki ni nusu saa kwa mguu wa mgonjwa. Ilibidi awe amevuka saa 2 kamili, basi akapanga foleni saa 12, mpaka ulipofunguliwa.

Tulimwambia pia asimeze dawa ya homa ili kuificha kwa wapimaji wa joto mpakani. Wakimkuta na joto watamweka kando wamuulize maswali, na muda huo lazima uuhesabu. Yeye hakuwa na joto. Kidonge chake, kliniki ilisema akibebe mfukoni, akimeze baada ya kutolewa damu pamoja na chakula. Alikuja nacho kwenye kitambaa, na ndizi mbili, na jina la kliniki limeandikwa na mwanawe kwenye karatasi. Saa 8 na dakika 10 alikuwa kwenye foleni ya Birere.