Pini ya Nani kwenye Risiti?

Mama muuza mchele sokoni Kongowea ananunua magunia 10 kwa muuzaji wa jumla. Risiti ina pini ya KRA inayoanza na P, yaani ya kampuni. Akiiingiza kwenye PIN Checker ya iTax, linatokea jina la kampuni nyingine kabisa.

Pini hiyo ingeanza na A, jina tofauti lisingetosha kumshuku muuzaji, kwani duka la mtu mmoja hutumia pini ya mwenyewe. Lakini kampuni ina pini yake. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliki kwenye hesabu ya kodi. Risiti hiyo ikikataliwa, hasara itamwangukia mama. Msikilizaji, hakiki pini kabla ya kulipa.