Kutoka ubaoni hadi uratibu wa mradi: barua ya mwalimu mmoja wa Bungulu

Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu wa shule za msingi, Bungulu, mjini Beni



Mara kadhaa nimeketi kwenye meza ya kuchagua watu wa kazi katika miradi ya amani. Bahasha za walimu hatuzikosi. Zinasema karibu maneno yale yale: mimi ni mchapakazi, mpenda amani, nina uzoefu wa miaka kumi, nina uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu. Hakuna uongo hapo. Lakini anayesoma barua ametangaza kazi ya kupanga shughuli, kuzifuatilia, kuandika ripoti kila mwezi na kuketi na watu wasioelewana. Akisoma neno "mwalimu" anaona mtu mbele ya ubao, na kazi ile haioni.

Leo nitawasimulia barua ya mwenzenu mmoja wa darasa la sita, hapa hapa Bungulu. Ameniruhusu nisimulie bila kumtaja jina. Alikuwa anaomba kazi ya mratibu msaidizi katika mradi wa kuwaunganisha wenyeji na waliohamishwa na vita. Barua yake ya kwanza ilikuwa kama hizo nilizozitaja. Aliniomba niisome, nami nikamwambia alete rejista yake ya kuita wanafunzi na daftari lake la fishi za matayarisho. Alishangaa, lakini alileta.

Katika fishi moja ya hesabu, chini ya lengo tendaji, alikuwa ameandika hivi: mwishoni mwa somo, mwanafunzi ataweza kugawanya namba ya tarakimu tatu kwa namba ya tarakimu moja, na kupata angalau mazoezi manne kati ya matano. Tazameni sentensi hiyo. Inasema nani, atafanya nini, kwa kipimo gani na lini. Jedwali la mradi ambalo wafadhili hutudai, lile linaloitwa kadre lojiki, linataka sentensi ya namna hiyo hiyo. Nimewaona watu wenye diploma za chuo kikuu wakitoka jasho kuiandika, wakiishia na "jamii itahamasishwa kuhusu amani". Mwalimu wa msingi huandika lengo tendaji kila siku, mara kadhaa kwa siku. Na hakuna barua iliyowahi kuniambia hivyo.

Basi tukaandika: "Kwa miaka kumi na mmoja nimepanga kazi ya mwaka mzima, nikaigawa kwa majuma na kwa masomo, na kwa kila somo nimeandika lengo linalopimika na kipimo cha kufaulu." Hapo nilimzuia kidogo, kwa sababu alitaka kuongeza kwamba kwa hiyo anajua ufuatiliaji wa miradi. Hapana. Darasani mwalimu ndiye anayefundisha, ndiye anayetunga jaribio, ndiye anayesahihisha. Katika mradi ushahidi lazima utoke pengine pia: kwa washiriki wenyewe, katika makubaliano yaliyotiwa saini, kwa mtu asiyelipwa na mradi. Tena mtoto asiyefika huulizwa sababu. Mama wa soko asiyefika kwenye mkutano ana haki ya kutofika. Anayeandika kwamba kazi hizi mbili ni kitu kimoja ataulizwa swali moja tu, na atakwama.

Kisha tukafungua rejista, na humo ndimo tulimokuta barua yenyewe.

Mnakumbuka mwaka wa masomo wa 2019-2020. Elimu ya msingi bila malipo ilianza Septemba 2019, madarasa yakajaa. Halafu, baada ya operesheni za jeshi kuanza mwishoni mwa Oktoba, mauaji yaliongezeka na familia zikakimbilia mjini. Darasa lake lilitoka wanafunzi 52 likafika 79, na madawati yalikuwa 17. Baadhi ya wazazi wenyeji walisema: madawati haya tuliyachangia sisi miaka iliyopita, watoto wetu hawawezi kukaa chini. Wazazi waliohamishwa walijibu kwamba watoto wao wamefukuzwa mara moja, na sasa wanafukuzwa mara ya pili. Mwalimu aliita watu watatu wa kila upande pamoja na mjumbe wa komite ya wazazi. Waliketi mara mbili. Walikubaliana watoto wapokezane madawati kila juma, na baba mmoja seremala kati ya waliohamishwa atengeneze mabao ya kukalia ikiwa wenyeji watatoa mbao. Wakaandika hayo katika daftari, wakatia saini.

Jambo la pili ni dogo zaidi, nami ndilo ninalolipenda. Alipokuwa akijumlisha mahudhurio mwishoni mwa mwezi, aliona watoto waliohamishwa wanakosekana zaidi Alhamisi. Aliuliza. Ilikuwa siku ya mgao wa chakula, na watoto walikwenda kubeba mizigo. Akahamisha somo la hesabu, lililokuwa Alhamisi, likawa Jumatano. Mwezi uliofuata akahesabu tena. Huku kwetu huo tunauita ufuatiliaji na marekebisho ya shughuli, nasi tunaulipia semina.

Katika rasimu ya pili aliandika: "Nilisuluhisha mgogoro wa kijamii kati ya wenyeji na wahamishwa." Tulilifuta. Mgogoro ulikuwa wa madawati, kati ya wazazi wa darasa moja, na aliousuluhisha si yeye bali watu saba waliotia saini. Tuliandika hivyo hivyo: idadi ya watu, vikao viwili, makubaliano, na kwamba daftari lipo kwa mkurugenzi wa shule. Msomaji huamini kitu kidogo chenye daftari kuliko kitu kikubwa kisicho nacho. Tulifuta pia majina ya familia na makabila yao. Barua ya kazi hupita mikono mingi, na mtu anayeomba kazi ya amani huku akitawanya majina ya watu waliokimbia ameshajihukumu mwenyewe.

Vyeti vya semina za wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, alikuwa navyo vitano. Tulitaja kimoja, kile cha kazi aliyoifanya kweli kartieni. Kuhusu pesa aliandika ukweli: hajawahi kusimamia bajeti ya mradi, amewahi kutunza mchango wa darasa kwa daftari la mapato na matumizi, likikaguliwa na komite, yuko tayari kujifunza. Na mwishoni aliandika kwamba hawezi kuanza kabla ya wanafunzi wake wa sita kufanya mtihani wa taifa. Nilimwonya kwamba sentensi hiyo inaweza kumnyima kazi. Akasema, iache.

Barua yote ilikuwa ukurasa mmoja. Aliitwa kwenye mahojiano. Hakupata nafasi ile: walitaka mtu wa kuanza mara moja, na katika jaribio la kulinganisha matumizi na bajeti alipata alama ndogo. Miezi michache baadaye walimwita tena kwa nafasi ya msimamizi wa shughuli za kartie, iliyo chini ya ile, kwa sababu mmoja wa waliomhoji alikuwa bado anakumbuka habari ya Alhamisi. Ameikubali. Sasa anajifunza bajeti, na hunipigia simu jioni kuuliza maswali ambayo mengine mimi pia huyajibu baada ya kumuuliza mhasibu wetu.

Niliwaomba mje na rejista zenu na fishi za matayarisho. Naona wengi mmezileta. Fungueni mwezi ambao darasa lenu lilikuwa gumu zaidi, mtafute humo jambo moja mlilolibadilisha kwa sababu ya mlichokiona. Aya ya pili ya barua tutaianzia hapo.