Ujumbe Baada ya Maonyesho ya Ajira

Msikilizaji, afisa ajira aliyeshinda bandani amepokea wasifu wa watu wengi. Jina lako peke yake halimkumbushi kitu. Mwandikie kesho yake, na sentensi ya kwanza imrudishe kwenye mazungumzo yenu: "Shikamoo mama. Mimi ndiye fundi umeme niliyekuuliza jana kuhusu pampu za sola za Dodoma. Ulisema mnamtaka mwenye leseni ya EWURA. Nakala ya leseni yangu nimeiambatanisha."

Inatosha. Ukiandika "naomba kazi yoyote", unamtwika kazi ya kukutafutia nafasi, na muda huo hana. Wiki ikipita bila jibu, mkumbushe mara moja kwa sentensi mbili, kisha mwache. Simu za kila siku zinaudhi, jamani.